Hao Wadau Watakuja Lini?

Riziki yangu hutoka kwenye karatasi ambazo watu wengi wakishazipokea huziona zinafaa zaidi kufungia vitumbua. Ni vipeperushi vya miradi ya maji, vijitabu vya vikundi vya kukopeshana na matangazo ya kubandikwa ukutani ofisi ya kijiji. Huandikwa kwa Kiingereza Dar es Salaam, Nairobi au mbali zaidi ya huko, halafu huletwa kwangu Dodoma niviweke katika Kiswahili, mara nyingi kukiwa na siku chache tu kabla ya mkutano wa kijiji.

Ukiwauliza watu ugumu wa kazi hii uko wapi, watakwambia Kiswahili hakina maneno. Si kweli. Maneno yapo tele, na mengine yamekwisha kuzoeleka magazetini na bungeni. Stekiholda ni mdau. Kapasiti bilding ni kujengea uwezo. Skeling apu ni kupanua wigo. Kuna endelevu, shirikishi, mtambuka, uragibishi, ufuatiliaji na tathmini. Mfasiri mwenye haraka anaweza kumaliza kijitabu kizima kwa orodha ya maneno kama hamsini hivi, na kila neno likawa sahihi. Kisha kijitabu kikasomwa kijijini, watu wakapiga makofi, na hakuna aliyejua kesho yake anatakiwa afanye nini.

Lugha hiyo mimi huiita Kiswahili cha semina. Niliijua vizuri kupitia mradi mmoja wa pampu za mkono, ambao ofisi yake iliniita baada ya kipeperushi chake kukwama. Kilikuwa kimefasiriwa na mtu mwingine, tena mtu anayekijua Kiingereza barabara. Wenye mradi walilalamika kwamba katika kila kijiji wananchi walikubali kila kitu mkutanoni, lakini haukuchangwa hata mchango mmoja wa vipuri na hakuna aliyejitokeza kufundishwa ufundi. Wakadhani ni uvivu wa watu. Nikaomba nihudhurie mkutano mmoja.

Tulikaa chini ya mkwaju. Mtendaji wa kijiji akasimama na kipeperushi mkononi, akasoma kwa sauti nzuri tu. Alipofika kwenye sentensi inayosema kwamba wadau watasimamia matengenezo ya pampu, mama mmoja wa makamo aliyekuwa amekaa kwenye khanga yake akanyoosha mkono.

"Samahani, mtendaji. Hao wadau watakuja lini? Maana pampu ya kule bondeni imekufa tangu mavuno, na tunawasubiri wao."

Hakuna aliyecheka. Wengi waliitikia kwa kichwa; lilikuwa swali lao wote. Mtendaji akamjibu kwamba wadau ndio ninyi wenyewe, na yule mama akamtazama kama mtu anayehisi anataniwa na asiyejua kwa nini.

Mama yule alikuwa amesoma sawasawa. Jiulize yeye neno hilo amelisikia wapi. Amelisikia kwenye hotuba. Mkuu wa wilaya akija kuzindua darasa husema, "Tunawashukuru wadau wetu wa maendeleo," na wanaoshukuriwa hapo wamekaa kwenye viti vya mbele, chini ya turubai, na gari lao limeegeshwa pembeni. Kwa hiyo kijijini pale mdau ni mtu mwenye fedha anayetoka nje na kuja kusaidia. Kipeperushi kikisema wadau watatengeneza pampu, maana yake wenye gari watarudi kuitengeneza. Mtu mwenye akili zake hachangi fedha kwa kazi ambayo karatasi yenyewe imesema itafanywa na wengine.

Mjini neno hilo hilo lina maisha mengine. Kwenye simu mtu huandika, "Wadau, naomba kujua bei ya matairi haya," na wadau hapo ni sisi sote tuliomo kwenye kundi. Redioni kuna wadau wa soka, yaani mashabiki, viongozi wa klabu na yeyote mwenye la kusema kuhusu mpira. Ndani ya neno kuna dau, ile fedha ambayo mtu huiweka kwenye mchezo au mnada akijua anaweza kuikosa. Wakenya wameliacha dau hilo waziwazi: wao husema washikadau. Ni neno zuri, na aliyelibuni alifikiri. Lakini mama wa chini ya mkwaju hasikii dau, anasikia turubai.

Basi nilirudi kwenye matini ya Kiingereza na kalamu nyekundu, nikazungushia duara kila mahali lilipotajwa neno lile. Kipeperushi kilikuwa na kurasa nane, nalo halikukosekana katika ukurasa wowote. Nikaandika pembeni ya kila duara nadhani ni nani anayetajwa hapo. Ukurasa wa pili walikuwa ni watoa fedha. Wa nne walikuwa ni wanakijiji wanaochota maji. Wa tano walikuwa ni wilaya pamoja na RUWASA, ule wakala wa serikali wa maji vijijini ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kwenye ukurasa wa saba kuna mahali sikuweza kukisia kabisa, nikaweka alama ya kuuliza. Neno moja lilikuwa limebeba watu wa aina nne, na wanne hao hawana wajibu mmoja. Mmoja anatoa hela, mmoja anachota na kulipia, mmoja anasimamia sheria. Mwandishi wa Kiingereza hakuwa na haja ya kuwatenganisha, kwa sababu aliwaandikia wenzake wa ofisini ambao wanawajua wote. Msomaji wangu ndiye mmojawapo wa hao wanne, na anataka kujua ni yupi.

Tangu hapo huwa siliulizi kamusi neno hilo. Huuliza ofisi: hapa ni nani? Wakijibu, nawataja kwa jina wanalojulikana nalo pale. Na hapo pia kuna mitego. Kisheria kikundi kinachoendesha maji huitwa Chombo cha Watoa Huduma ya Maji Ngazi ya Jamii. Vijijini nilikopita wengi huendelea kusema jumuiya ya maji, na wazee husema kamati ya maji. Naandika jina la kisheria mara moja, mwanzoni, ili atakayeliona kwenye mhuri alitambue, halafu naendelea na jumuiya ya maji mpaka mwisho.

Pale ambapo kweli wanatajwa wote kwa pamoja, naandika "kila anayehusika na maji haya". Siandiki "wahusika". Wahusika katika taarifa ya habari ni watu wanaotafutwa na polisi.

Neno la pili lilinisumbua zaidi, kwa sababu linaonekana halina tatizo. Kujengewa uwezo. Jaribu kulisikia kwa sikio la mtu asiyehudhuria semina. Katika Kiswahili cha kila siku, mtu asiye na uwezo ni maskini. "Ningemsomesha, ila sina uwezo." Mwenye uwezo ana mali. Ukitangaza kwamba mradi utawajengea wananchi uwezo, umewaahidi hela, au angalau umeonyesha kuwa njia ya kufikia hela imefunguka. Ndiyo maana swali la kwanza huwa ni la nauli na posho, na wageni husikitika kwamba watu wamezoea kupewa. Mimi sioni cha kusikitisha hapo. Wametangaziwa uwezo, wanauliza uwezo.

Kuna upande mwingine wa neno hilo ambao huumiza kimya kimya. Katika kijiji kile kulikuwa na mzee mmoja aliyewahi kuzitengeneza pampu zile miaka mingi. Baiskeli yake ilikuwa na mfuko wa spana nyuma ya kiti. Kipeperushi cha kwanza kilisema mafundi wa kijiji watajengewa uwezo. Nilipomuuliza kwa nini hakuandikisha jina lake, akanijibu taratibu, "Mwanangu, wamesema wanatafuta wasio na uwezo." Sijui nani angeweza kumlaumu.

Kwa neno hilo swali langu kwa ofisi ni hili: mtu akitoka hapo ataweza kufanya nini ambacho jana hakuweza, au atakuwa na nini ambacho jana hakuwa nacho? Kwa kawaida majibu huwa ya aina tatu hivi. Mara nyingine ni mafunzo, basi naandika "atafundishwa", nikitaja anachofundishwa. Mara nyingine ni vifaa: spana, daftari la mapato na matumizi, baiskeli. Naandika "atapewa". Na mara nyingine, japo ni nadra, ni mamlaka, kwamba jumuiya ya maji itaruhusiwa kufungua akaunti ya benki na kupanga bei ya ndoo. Naandika "itakuwa na haki ya". Kufundishwa, kupewa na kuwa na haki ni mambo matatu tofauti mbele ya mwananchi, na anaweza kudai kila moja kwa mlango wake. Ukiyafunika yote kwa neno uwezo umemnyima cha kudai. Nimewahi kufikiri kwamba waandishi wengine wanalipenda neno hilo kwa sababu hiyo hasa, lakini wengi wao, kwa kadiri ninavyowafahamu, hawakukusudia. Wameandika walivyozoea kuandika.

Kuhusu kupanua wigo nitasema kwa ufupi. Wigo ni ua, uzio wa miti, na anayefuga mbuzi anaujua. Hakuna aliyeniambia kwamba alidhani mradi unakuja kuongeza ua, lakini pia hakuna aliyeweza kuniambia unakuja kufanya nini. Kiingereza chake kinaficha mambo matatu: kwenda vijiji vingine, kuhudumia watu wengi zaidi katika kijiji kile kile, au serikali kulichukua jambo lililojaribiwa na mradi na kulifanya kila mahali. La kwanza ni kueneza, la pili ni kuongeza, na la tatu halina kitenzi kimoja, inabidi useme nani atalichukua na lini. Kwa mwanakijiji tofauti hiyo ni kubwa. Ukimwambia mradi utaenea, anaelewa kwamba pampu inayofuata haiji kwake, inakwenda kwa jirani. Ukimwambia utaongezwa, ataanza kufikiria pampu ikae wapi.

Sasa niionyeshe sentensi yenyewe, kama ilivyokuwa kwenye kipeperushi cha kwanza:

"Mradi unalenga kuwajengea uwezo wadau wa ngazi ya jamii ili waweze kupanua wigo wa utoaji wa huduma endelevu za maji kwa kuzingatia umiliki wa jamii."

Haina kosa la sarufi. Mwalimu angeipa vema. Tatizo lake ni kwamba vitenzi vyenye kazi hasa vimegeuzwa kuwa majina: utoaji, umiliki. Kitenzi cha Kiswahili kina kiambishi cha mtendaji mbele yake. Ukisema "watatoa" lazima uwe umeamua ni wao, si mimi wala si wewe. Ukisema "utoaji" unakwepa. Kiingereza cha ofisini kinaishi kwa kukwepa huko, na tukikifuata hatua kwa hatua, tunakitoa Kiswahili mahali kilipo na nguvu zake zote.

Nikawaandikia ofisi barua pepe yenye maswali manne. Wadau gani? Uwezo gani? Wigo kutoka wapi kwenda wapi? Na umiliki huo ni wa hati, au mna maana watu wagharamie matengenezo? Hilo la mwisho niliuliza kwa sababu kisima kimoja kilikuwa kimechimbwa pembeni mwa shamba la mtu, na mwenye shamba aliposikia "umiliki wa jamii" akaja juu, akidhani ardhi yake imechukuliwa. Umiliki kwa Kiswahili ni mambo ya hati, mashahidi na baraza la ardhi. Kumbe mwandishi alikuwa na maana tu kwamba watu waione pampu ni yao, waitunze.

Majibu yalichelewa, tena nikaja kuambiwa kwamba swali la wigo lilizua mjadala, kwa kuwa watu wa fedha na watu wa uwanjani hawakuwa na idadi moja ya vijiji. Walipokubaliana, sentensi ile moja ikawa hivi:

"Kila kijiji kitachagua watu wawili, nao watafundishwa kufungua pampu, kubadilisha mipira yake na kuifunga tena. Anayeujua ufundi huo tayari anaweza kuchaguliwa. Mradi utawapa boksi moja la spana, ambalo litakuwa mali ya kijiji. Pampu ikiharibika, hao wawili ndio wa kuitwa kwanza. Fedha ya vipuri itatokana na mchango wa wanaochota maji, na kiwango chake kitapangwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sasa mradi uko katika vijiji vinne. Mwakani utaingia vijiji vingine saba."

Sentensi ya pili, ile ya anayeujua ufundi, niliiomba mimi kwa ajili ya mzee wa baiskeli, na ofisi ikakubali. Neno endelevu halimo. Halikupotea: limekuwa spana, watu wawili wa kuitwa na mchango wenye kiwango. Hayo ndiyo yatakayoifanya pampu itoe maji mwaka wa tano. Jamii nayo haimo, badala yake kuna kijiji na mkutano mkuu, vyombo ambavyo kila mtu pale anavijua na ana haki ya kusimama na kusema ndani yake akiwa na umri wa miaka 18.

Mapitio ya mwisho huwa siyafanyi mezani. Natafuta watu watatu wanne wa rika tofauti, mmoja wao awe hakuvuka darasa la saba, namsomea kila mmoja peke yake kwa sauti. Kusoma kwa sauti ni muhimu kwa sababu kijijini kipeperushi husikika zaidi kuliko kusomwa: anayejua kusoma humsomea asiyejua, na mtendaji huwasomea wote. Sentensi inayomlazimu msomaji kuvuta pumzi katikati, naikata palepale anapovuta.

Kisha nauliza. Siulizi "umeelewa?" Hakuna mtu mwenye adabu atakayemjibu mgeni kwamba hakuelewa. Nauliza kitu kinachomtaka atende: "Sasa, mama, kesho asubuhi ukikuta pampu haitoi maji, unakwenda kwa nani? Na hela ya mpira inatoka wapi?" Akinijibu kwa majina ya watu, kazi imefanyika. Akinijibu kwa maneno ya kipeperushi, kwa mfano akisema "nitawaona wahusika", najua bado amebaki na maneno yangu na hana jambo lenyewe. Hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko nyingine yoyote: msomaji anayerudia neno lako kama lilivyo hajalielewa.

Kwa njia hiyo niligundua tatizo la neno athari, ambalo sikulitegemea. Ofisini hulitumia kwa matokeo makubwa ya mradi, yale ya miaka mingi baadaye. Nilipomsomea kijana mmoja fundi baiskeli kichwa cha habari "Athari za mradi wa maji", akaniuliza kama maji yale yana sumu. Kwetu athari huja baada ya mafuriko, sigara au pombe kali. Niliandika "Mradi huu utabadilisha nini", nikaendelea.

Watu hufikiri kwamba kuandika namna hii ni kurahisisha mambo kwa ajili ya watu wa chini. Ukiangalia nyuma utaona nchi hii iliwahi kuendesha kampeni nzito za umma kwa sentensi tupu. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilirusha vipindi vya Mtu ni Afya, watu wakakaa katika vikundi kuzunguka redio, wakatoka hapo kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Tazama majina hayo: ni sentensi kamili, kila moja ina maneno matatu, na hakuna hata moja ambalo mtoto angeliuliza. Miaka ya karibuni ilipokuja kampeni ya vyoo ikaitwa Nyumba ni Choo, kwa ufundi ule ule. Hata TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, walipofika kwenye mpango ambao jina lake la Kiingereza linazungumzia wavu wa usalama wa kijamii wenye kuzalisha, waliuacha wavu huko huko baharini, wakasema Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Kunusuru ni kitenzi, kaya ni kitu anachokijua balozi wa nyumba kumi. Aliyelipendekeza jina hilo ningependa kumnunulia chai.

Si kila mahali naweza kufanya hivyo. Katika mkataba au sheria, neno lililofasiliwa mwanzoni lazima libaki vile vile kila linapotokea, na mfasiri anayebadilisha "mdau" kuwa "mchotaji maji" katika kifungu cha tisa amebadilisha mkataba. Hapo naliacha lilivyo, na nikiruhusiwa naweka maelezo ya kawaida kwenye ukurasa wa mbele. Ripoti zinazosomwa na maofisa wa halmashauri nazo ziko hivyo: wao wanalijua neno hilo na wanalitegemea, ukiwaandikia "kila anayehusika na maji haya" watadhani umewadharau. Na kijitabu kikivuka Namanga, naanza upya. Wadau wanakuwa washikadau, halmashauri inakuwa serikali ya kaunti, na wakfu, ambao kwetu ni mali iliyotolewa kwa ajili ya dini, kule magazeti huutumia kwa shirika lolote la hisani lenye jina la mtu. Kupiga jeki kilimo ni Kiswahili kizuri cha Nairobi. Singida watauliza trekta limepata pancha wapi.

Kikwazo kikubwa zaidi hata hivyo kinatoka kwa wanaolipa. Mashirika mengi hufanya tafsiri rejeshi: mtu mwingine, asiyeiona matini ya awali, anapewa Kiswahili changu akirudishe katika Kiingereza, halafu Kiingereza hiki na kile vinalinganishwa. Ni njia nzuri ya kukamata kosa la dozi ya dawa. Kwa lugha ya miradi inamwadhibu anayeandika vizuri. "Wadau watajengewa uwezo" hurudi ilivyo, neno kwa neno, mkaguzi anafurahi. "Watu wawili watafundishwa kubadilisha mipira ya pampu" hurudi ikiwa na watu wawili, mipira na pampu, wala stekiholda haonekani. Kipeperushi chetu kilirudishwa kwangu kikiwa na rangi ya njano kila ukurasa, na pembeni kumeandikwa kwamba dhana muhimu zimeachwa.

Sikubishana. Nilitengeneza jedwali la safu tatu: sentensi ya Kiingereza, sentensi yangu, na jibu ambalo ofisi yenyewe ilinipa kuhusu sentensi hiyo, pamoja na tarehe ya barua pepe. Mkaguzi alipoona kwamba "watu wawili" ni maneno ya ofisi yake mwenyewe, rangi ya njano ikapungua sana. Mahali pawili alikuwa na haki, nilikuwa nimekaza maana kuliko ilivyokubaliwa, tukarekebisha. Siku hizi jedwali hilo natuma pamoja na kazi, bila kungoja kuulizwa.

Yupo na mchora kurasa, ambaye visanduku vyake vimepimwa kwa Kiingereza. Sentensi moja ikizaa saba, herufi zinapunguzwa mpaka bibi hawezi kuzisoma hata kwa miwani. Nimejifunza kumwomba ofisa wa mradi aondoe kitu, na kwa kawaida kinachoondoka bila madhara ni aya ya kwanza, ile inayoeleza dira na dhima ya shirika. Wachache hukubali.

Halafu malipo. Soko la tafsiri hulipa kwa neno la Kiingereza. Maneno ya Kiingereza ya sentensi ile yangenipa fedha ile ile kama ningeyapitisha kwa orodha ya maneno hamsini ndani ya dakika moja, au kama ningewaandikia watu wa ofisi, kungoja, kwenda kijijini na kusomea watu wanne. Kwa hiyo kazi za mikataba na ripoti bado natoza kwa neno. Kipeperushi cha kwenda kijijini natoza kwa kazi nzima, na katika ankara naandika mistari miwili: kufasiri, na kusomea wasomaji. Mteja akiomba punguzo, mstari wa pili ndio anaotaka kuukata. Namwambia mistari hiyo haiuzwi mmoja mmoja.